Mgando wa pigo kwenye gemu la kupigana: rungu likitua, adui anazinduka kabla yangu (Godot)

RunguNaNgao

Wakuu, habari za kwenu. Natengeneza gemu la 2D la watu wawili kupigana, Godot 4.3, fizikia inakwenda tiki 60 kwa sekunde. Silaha ni mbili tu kwa sasa, kisu na rungu. Nataka rungu likitua mchezaji alihisi, kwa hiyo nimeweka mgando: pigo likifika, kila kitu kinasimama kidogo halafu kinaendelea. Kisu tiki 4, rungu tiki 9, yaani kama milisekunde 67 na 150.

Kwanza nilijaribu `get_tree().paused = true`. Muziki ukawa unakatika kila pigo, na mlio wa rungu wenyewe unasikika mgando ukishaisha, pigo limeshapita. Sasa natumia hii:

```gdscript
func gandisha(muda: float) -> void:
    Engine.time_scale = 0.0
    await get_tree().create_timer(muda, true, false, true).timeout
    Engine.time_scale = 1.0
```

Hapo sauti imetulia, muziki hauguswi, na kwa macho pigo linapendeza sana. Shida ni kwamba rungu limegeuka silaha mbovu. Nikimpiga adui nalo, anazinduka na kunichoma kisu kabla mhusika wangu hajamaliza kurudisha mkono. Kisu hakina shida hiyo. Na kadiri ninavyoongeza mgando ili rungu lionekane zito, ndivyo adui anavyozinduka mapema zaidi. Namba za kupepesuka kwa adui sijazigusa tangu kabla ya kuweka mgando, na wakati ule rungu lilikuwa linampa mpigaji nafasi nzuri ya kuunganisha pigo la pili. Kinachoendelea hapa ni nini?

Kigoma_Juu

Mkuu hiyo ni simu kuzidiwa. Mimi gemu langu lilikuwa linagandaganda hivyo hivyo kwenye simu ya RAM ya giga 2, nikapunguza ukubwa wa picha na kuzima vivuli, likawa laini. Angalia kwanza fremu ngapi kwa sekunde unapata wakati wa kupigana.

RunguNaNgao

Asante kaka, lakini kuganda huku nimekuweka mwenyewe, nakutaka. Fremu ziko 60 muda wote, najaribia kwenye kompyuta. Tatizo langu ni nani anaanza kusogea kwanza mgando ukiisha.

mtaa_wa_saba

Usiweke sifuri. Maelezo ya Godot yenyewe yanashauri `time_scale` ibaki juu ya 0.0 kwa sababu ikifika sifuri gemu linaweza kufanya mambo usiyoyatarajia. Weka 0.05 na utaona tatizo limeondoka. Fizikia haipendi kugawanya kwa sifuri.

Mwanapwani

mtaa_wa_saba, ushauri wa kutofika sifuri ni wa kweli na upo kwenye maelezo, ila sidhani kama ndio unaomuuma mwenzetu. Kosa lake lina mpangilio: mgando ukirefuka, adui anawahi zaidi. Sifuri ingeleta vurugu isiyo na mpangilio.

RunguNaNgao, nionyeshe vitu viwili. Muda wa adui kupepesuka unauhesabuje, na muda wa mpigaji kurudisha mkono unauhesabuje?

RunguNaNgao

Dada, kurudisha mkono kupo ndani ya animesheni. AnimationPlayer ikimaliza, mhusika anakuwa huru. Kupepesuka kwa adui ni hivi:

```gdscript
func _physics_process(delta: float) -> void:
    if kupepesuka > 0:
        kupepesuka -= 1
        return
```

Rungu linampa adui tiki 24 za kupepesuka, na baada ya rungu kugusa mimi nimebakiwa na tiki 18 za kurudisha mkono. Kisu ni 14 za adui na 8 zangu.

Mwanapwani

Basi jibu liko hapo hapo. Gemu lako lina saa mbili, na mgando umesimamisha moja tu.

`Engine.time_scale` kwenye Godot haizuii `_physics_process` kuitwa. Inaendelea kuitwa mara 60 kwa sekunde kama kawaida, ila `delta` inayopewa inakuwa imezidishwa kwa hiyo namba. Ukiweka sifuri, `delta` inakuwa sifuri. Kila kinachotembea kwa `delta` kinasimama: animesheni, Timer, `move_and_slide()`. Ila `kupepesuka -= 1` haiulizi `delta`. Inapungua moja kila ikiitwa, hata dunia nzima ikiwa imeganda.

Sasa tufuate rungu lako. Bila mgando: adui tiki 24, wewe tiki 18, unabaki na tiki 6 za ziada. Hizo ndizo zilizokuwa zinakupa pigo la pili. Ukaweka mgando wa tiki 9. Animesheni yako inasimama kweli, kwa hiyo zile 18 zako zinaanza kuhesabiwa mgando ukiisha. Adui amekaa pale kama sanamu, lakini kimyakimya kihesabio chake kimeshakula 9. Mgando ukiisha amebakiwa na 15. Wewe una 18. Anakutangulia kwa tiki 3, anakuchoma.

Kisu: 14 kutoa 4 ni 10, wewe 8. Bado unamtangulia kwa 2, ndio maana hukuona shida, ingawa kwa haki ulitakiwa kuwa na 6 vilevile. Na kila tiki unayoongeza kwenye mgando wa rungu unaikata kwenye nafasi yako.

Usiniamini kwa maneno, pima. Chapisha `Engine.get_physics_frames()` pigo linapotua, adui anapozinduka na wewe unapokuwa huru. Pigo likitua tiki ya 1200, wewe utakuwa huru 1227. Adui ukimwona 1224, ni hili. Kwa haki angetakiwa 1233.

RunguNaNgao

Nimepima. Pigo 3412, adui 3436, mimi 3439. Tatu kamili.

mtaa_wa_saba

Haya, nimekubali kuhusu sifuri. Kumbe hata 0.05 ingekula zile tiki 9 vilevile. Lakini basi dawa ni nyepesi: `kupepesuka` iwe sekunde na upunguze kwa `delta`. Kila kitu kitafuata saa moja na kazi imekwisha.

Nyasi_Kavu

Natumia Unity, na jambo hili lingenipita kabisa kwa sababu kule `Time.timeScale` ikiwa 0, `FixedUpdate` haiitwi hata mara moja. Kihesabio cha namna hii kingesimama chenyewe. Kinachowanasa watu kule ni `WaitForSeconds`, maana inasubiri kwa muda uliosimamishwa na mgando hauishi milele mpaka utumie `WaitForSecondsRealtime`. Kwa hiyo aliyezoea huku akihamia Godot aangalie sana, tabia ni kinyume.

Chapa_Ngoma

Naomba kuingilia, maana nadhani langu ni lilelile. Gemu langu ni la ngoma, mchezaji anapiga maadui kwa kufuata mdundo. Nimeweka mgando mdogo kwa `time_scale` na muziki unaendelea vizuri kama alivyosema mwenye uzi. Lakini baada ya mapigo kadhaa alama za mdundo kwenye kioo zinachelewa nyuma ya muziki, na kila pigo linaongeza ucheleweshaji. Mwisho wa wimbo mtu akifuata macho anakosa kila mdundo. Wakati wa mdundo naujumlisha hivi: `wakati += delta`.

Mwanapwani

Chapa_Ngoma, lako ni jirani wa lake lakini dawa ni kinyume. Yeye ana kihesabio kilichotakiwa kusimama kikaendelea. Wewe una kihesabio kilichotakiwa kuendelea kikasimama. `time_scale` haigusi kasi ya sauti, ndio maana muziki wako unakwenda, ila `delta` yako imesimama. Mgando wa milisekunde 67 ukitokea mara kumi, alama zako ziko nyuma kwa theluthi mbili za sekunde.

Mdundo usiuhesabu wewe. Uulize muziki wenyewe umefika wapi:

```gdscript
var t := muziki.get_playback_position()
t += AudioServer.get_time_since_last_mix()
t -= AudioServer.get_output_latency()
```

Mstari wa pili upo kwa sababu sauti inachanganywa kwa vipande, na bila huo `t` inaruka kwa hatua badala ya kutiririka. Wa tatu unatoa muda ambao sauti inachukua kutoka kwenye injini hadi kwenye spika. Ukifanya hivyo, gandisha unavyotaka, alama zitabaki na muziki.

Na hapa ndipo jibu la mtaa_wa_saba linapofika ukingoni. Kupunguza kwa `delta` kutarekebisha rungu leo, sikatai. Lakini `time_scale` ni bomba kuu la maji la nyumba nzima, ukilifunga jikoni na bafuni panakauka. Cheche za pigo nazo zinaganda kabla hazijachanua, na macho yanazitaka zichanue wakati huo huo miili imesimama. Mistari ya afya inayoshuka taratibu inaganda. Saa ya raundi inaganda, na kwa saa hiyo mtu anaweza kutaka au asitake, lakini uamuzi uwe wake.

Kisha kuna kuingiliana. RunguNaNgao, hebu fikiria wachezaji wawili wakipigana kwa tiki moja, mmoja kwa kisu mwingine kwa rungu. `gandisha` inaitwa mara mbili. Taima ya kisu inaisha milisekunde 67 na kurudisha `time_scale` kuwa 1.0, wakati rungu lilitaka 150. Pigo zito limepata mgando wa pigo jepesi. Wengine wanajaribu kukwepa hilo kwa kuhifadhi thamani ya zamani kisha kuirudisha. Hao ndio wanaoishia na gemu linalotambaa hadi lifungwe, kwa sababu mwito wa pili umehifadhi 0.05 ukidhani ndiyo kasi ya kawaida.

pwaguzi88

Mbona mnajitesa? Mimi naweka `OS.delay_msec(80)` pigo likitua. Mstari mmoja, hakuna taima, hakuna kuingiliana. Kwenye kompyuta muziki unaendelea vizuri kabisa. Nikiweka gemu kwenye kivinjari tu ndio sauti inakwaruza.

Mwanapwani

Muziki unaendelea kwenye kompyuta kwa sababu unachanganywa kwenye uzi wake pembeni, na wewe umefunga uzi mkuu. Kwenye kivinjari, kuanzia 4.3 Godot kwa kawaida inatoa gemu la uzi mmoja, kwa hiyo ukiufunga huo unaweza kufunga na sauti. Kukwaruza ndiko huko.

Ila hata kwenye kompyuta haupati mgando, unapata kukwama, na tofauti inaonekana. Injini ikiamka baada ya milisekunde 80 inakuta muda halisi umepita na fizikia iko nyuma. Inalipa deni: inakimbiza tiki tano hivi ndani ya fremu moja, kwa sababu kikomo chake cha kawaida ni tiki 8 kwa fremu. Animesheni nayo inapewa `delta` kubwa. Kwa hiyo picha inasimama, halafu adui anaruka mbele ghafla mpaka pale ambapo angekuwa kama hukusimamisha chochote. Mgando wa kweli unaendelea pale ulipoachia. Rekodi kioo, kisha pitia fremu moja moja baada ya pigo. Utauona mruko.

pwaguzi88

Nimerekodi. Kweli adui anahama karibu upana wa mwili wake kwa fremu moja. Nilikuwa nadhani ni nguvu ya kusukumwa.

RunguNaNgao

Dada, kabla hatujasonga mbele, na lile la mlio kuchelewa nilipotumia `paused` lilitokana na nini? Mlio niliucheza kabla ya kusimamisha, mstari wa juu yake kabisa.

Mwanapwani

Unatumia AudioStreamPlayer2D, sivyo? Hiyo ikiambiwa `play()` haianzi palepale. Inasubiri tiki ya fizikia ili ipime mlio uko kushoto au kulia kwa msikilizaji, ndipo ianze. Wewe umeisimamisha kabla tiki hiyo haijafika, kwa hiyo imebaki na ombi mkononi mpaka mgando uishe. Na muziki ulikatika kwa sababu nodi ya sauti isiyoruhusiwa kufanya kazi wakati wa `paused` inasimamisha mlio wake. Ungeweza kuziweka nodi za sauti `process_mode` ya Always na zote mbili zingepona, lakini `paused` inabaki kuwa ya menyu ya kusimamisha gemu. Siku mchezaji akibonyeza kitufe cha kusimamisha katikati ya mgando, taima yako itaondoa `paused` na gemu litaendelea huku menyu iko wazi.

RunguNaNgao

Ndiyo, ni hiyo ya 2D. Sasa nimeelewa. Basi njia unayoishauri ni ipi?

Mwanapwani

Gandisha wanaohusika na pigo, wengine waache. Super Smash Bros. Melee ya 2001 inafanya hivyo: mpigaji na mpigwaji wanasimama, wachezaji wengine wawili kwenye jukwaa wanaendelea kama hakuna lililotokea. Ukirusha kitu kikampiga mtu mbali, wewe uliyerusha hugandi. Na urefu wa mgando unatokana na uharibifu wa pigo: gawanya kwa 3, ongeza 3, tupa sehemu inayobaki. Pigo la uharibifu 3 linapata fremu 4, la 18 linapata 9. Ndizo namba zako wewe, sijui kama ulizikisia kwa macho au uliziona mahali. Mapigo ya umeme yanazidishwa kwa moja na nusu.

Kila mhusika abebe kihesabio chake:

```gdscript
var mgando := 0

func ganda(tiki: int) -> void:
    mgando = maxi(mgando, tiki)

func _physics_process(delta: float) -> void:
    soma_vitufe()
    if mgando > 0:
        mgando -= 1
        return
    anim.advance(delta)
    endesha_hali()
    move_and_slide()
```

AnimationPlayer iweke kwenye hali ya Manual, hapo inasogea pale tu unapoita `advance`. Sasa animesheni, kupepesuka na mwendo vyote viko chini ya mlango mmoja. Mlango ukifungwa vinasimama pamoja, ukifunguka vinaanza pamoja. Velocity huigusi, inabaki ilivyokuwa. `maxi` ndiyo inayomaliza ule ugomvi wa kisu na rungu: mgando mrefu unashinda, haujumlishwi. Ukijumlisha, siku mtu akizungusha rungu likagusa watu watatu atasimama karibu nusu sekunde.

Muziki, milio, cheche, saa ya raundi, hakuna hata kimoja kinachojua kwamba kuna mgando.

Zingatia kitu kimoja kwenye `soma_vitufe()`. Iko juu ya mlango kwa makusudi, kwa sababu watu wanabonyeza pigo la pili wakati wa mgando, na wana haki. Lakini kama unakumbuka kitufe kwa tiki 6 kisha unakisahau, na mgando ni tiki 9, aliyebonyeza mwanzoni mwa mgando atapoteza kitufe chake kabla mlango haujafunguka. Atasema gemu halimsikii, na atakuwa anasema kweli. Kitufe kipokee muda wote, ila umri wake uuhesabu ndani ya `endesha_hali()`, chini ya mlango.

mtaa_wa_saba

Swali. Kama mtu ana nodi za Timer ndani ya mhusika, mfano taima ya kutodhurika baada ya kupigwa, `return` hiyo haizizuii.

Mwanapwani

Haizizuii, umesema kweli, na hapo ndipo wengi wanarudia kosa lile lile kwa mlango wa nyuma. Ama weka `paused = true` kwenye kila Timer ya mhusika mgando ukianza na uitoe ukiisha, ama zigeuze ziwe vihesabio vya tiki ndani ya `endesha_hali()`. Mimi nageuza. Kwenye gemu la kupigana sipendi muda wa mwili wa mhusika uishi nje ya msimbo wake. Timer naiachia vitu vya dunia: raundi, kuzaliwa kwa silaha uwanjani, mvua.

RunguNaNgao

Nimebadilisha yote jana usiku. Rungu limerudi kuwa rungu, na cheche zikichanua huku miili imesimama ni kitu kingine kabisa. Lakini nimepima tena kwa tiki na kuna jambo. Mchezaji wa kwanza akimpiga wa pili, nafasi ni tiki 5 badala ya 6. Wa pili akimpiga wa kwanza, ni 6 sawasawa. Silaha ile ile, msimbo ule ule.

Mwanapwani

Pigo unaligundua vipi? Kwa ishara ya Area2D au unauliza ndani ya `_physics_process`?

RunguNaNgao

Nauliza mwenyewe, `get_overlapping_bodies()` ndani ya `endesha_hali()`. Nikipata mtu naita `ganda(9)` kwake na kwangu hapo hapo.

Mwanapwani

Basi ni zamu. Kwenye tiki moja Godot inamwita mchezaji wa kwanza, halafu wa pili, kwa kufuata mpangilio wao kwenye mti. Wa kwanza akipiga, yeye ameshapita mlango wake kwa tiki hiyo, kwa hiyo 9 zake zinaanza kupungua tiki inayofuata. Wa pili bado hajaitwa. Anaitwa, anakuta 9, anapunguza iwe 8 papo hapo. Amegandishwa tiki moja pungufu. Pigo likitoka kwa wa pili, wote wawili wameshaitwa, kwa hiyo wanaanza pamoja.

Njia mbili. Tumia ishara ya `body_entered` ya Area2D, kwa sababu hizo zinatolewa kabla ya `_physics_process` ya nodi yoyote kwenye tiki hiyo, na wote wawili watapunguza kwa usawa. Au baki na njia yako lakini ita kwa `ganda.call_deferred(9)`, na kupepesuka kwa mpigwaji ukuweke kwa njia hiyo hiyo, vitatekelezwa baada ya wote kuitwa. Hiyo ya pili ina maana pia kwamba wakipigana kwa tiki moja, hakuna anayemfuta mwenzake kwa sababu tu yuko juu kwenye mti.

Tiki moja inaonekana ndogo, lakini hii ingefanya kiti cha kwanza na kiti cha pili viwe na gemu mbili tofauti.

RunguNaNgao

`call_deferred` imeweka 6 pande zote mbili. Asante sana dada.

Nyasi_Kavu

Kuna kitu sikubaliani nacho hapa. Kugandisha wawili tu ni sawa kwa gemu la watu wawili. Mimi natengeneza la mtu mmoja dhidi ya kundi, maadui sita au saba kwa pamoja. Nilijaribu njia hii: nikimpiga mmoja nasimama naye, na wale watano wengine wanaendelea kutembea na kunipiga nikiwa nimesimama kama mti. Mchezaji anaadhibiwa kwa kupiga vizuri. Nikarudi kwenye kugandisha dunia nzima.

mtaa_wa_saba

Si ufanye mpigaji asidhurike wakati wa mgando?

Nyasi_Kavu

Nilijaribu. Watu wakagundua kwamba wakipiga mfululizo kwa silaha ya mgando mrefu hawaguswi kabisa. Kundi zima likawa halina maana.

Mwanapwani

Nyasi_Kavu una hoja, na sina jibu la moja kwa moja. Ninayofanya kwenye la kundi ni kumpa mpigaji mgando mfupi kuliko mpigwaji. Mfano mpigwaji 9, mpigaji 4, na zile 5 za tofauti nazipunguza kwenye kupepesuka ili hesabu ibaki ile ile. Jicho linaangalia anayepigwa, uzito unabaki. Lakini kama maadui wako wanashambulia haraka, hata tiki 4 zinatosha kukuua, hapo ni lazima uguse namna wanavyopangana zamu za kushambulia.

Ukibaki na dunia nzima, angalau usitumie `await` kwa kila pigo. Weka mahali pamoja panapojua mgando unaisha lini kwa saa halisi, `Time.get_ticks_msec()` kwa upande wa Godot, na kila pigo jipya lisogeze mwisho huo mbele kama tu lake ni la mbali zaidi. Nafasi hiyo moja ndiyo pekee inayoruhusiwa kugusa `time_scale`.

Nyasi_Kavu

Mgando usiolingana sijawahi kujaribu. Nitaona kama upanga hautaonekana kupita ndani ya mwili wa adui wakati mpigaji ameshaachiwa na adui bado amesimama.

Mwanapwani

Utapita, kwa tiki hizo 5. Kwa silaha ya kukata haisumbui jicho. Kwa rungu inasumbua, na hapo huwa namtikisa adui kwa pikseli 2 au 3 kulia na kushoto, picha tu, mwili wa fizikia usiguswe. Ukiutikisa mwili, anaweza kusukumwa ukutani au kutoka kwenye eneo la pigo na kuingia tena, ukampiga mara mbili.

Chapa_Ngoma

Narudi kusema alama za mdundo sasa zinakaa na muziki mpaka mwisho wa wimbo. Lakini limebaki moja: kwenye simu kwa spika ya simu ziko sawa, nikivaa vipokea sauti vya bluetooth zinatangulia muziki kwa kiasi kinachoonekana, ingawa `get_output_latency()` nimeitoa. Kuna mwenye njia zaidi ya kumwachia mchezaji ajirekebishie mwenyewe kwenye mipangilio?